Nimeambiwa Zohali amekalia kazi yangu. Nijiuzulu?

Hujambo Mwalimu? Mimi ni msomaji wako kutoka Umoja, hapa Nairobi. Nilizaliwa jijini humu tarehe 13 Mei 1992, na sasa ni karani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kule Eneo la Viwanda.

Mwezi uliopita nilimwuliza mama nilizaliwa saa ngapi. Akaniandikia: "Saa 2 usiku, stima zilikuwa zimepotea." Nikajaza kwenye programu ya simu 2:00 PM, Nairobi, na chati ikatoka na Zohali ndani ya nyumba ya sita. Nikampelekea mtu anayesoma nyota. Akasema nyumba hiyo ni ya kazi na maradhi, kwamba Zohali akikaa hapo kazi huwa mzigo hadi uzeeni, na kwamba mifupa itanisumbua. Anataka shilingi 6,000 za pete ya jiwe la buluu.

Kinachonitisha ni kwamba maneno yake yaliniingia. Kila Januari najipangia kuamka saa kumi na nusu, nikimbie, nisome, niandike bajeti, nijifunze Excel, kisha niende kazini. Wiki mbili haziishi kabla mambo hayajaporomoka. Bosi naye hutuma kazi WhatsApp hata saa tatu usiku. Kitu pekee ambacho sijawahi kuacha ni kupiga pasi nguo za wiki nzima Jumapili jioni, na hicho nadhani hakihesabiki. Je, nijiuzulu? Na nikapimwe mifupa?

Mchovu wa Umoja

*

Dada, kabla hatujamgusa Zohali, turudi kwenye saa. Programu ya simu haijui saa zetu za Kiswahili. Kwake yeye 2:00 PM ni saa nane mchana, jua kali, watu wanatoka kula chakula. Neno "usiku" ulilitafsiri vyema ukachagua PM, lakini ile mbili ukaiacha vilevile. Ilipaswa kuwa 8:00 PM, au 20:00 kama programu yako inahesabu saa ishirini na nne.

Tofauti ya saa sita ni kubwa mno katika kazi hii. Nyumba zote kumi na mbili hupangwa kuanzia nyota ya zodiaki inayochomoza mashariki wakati mtoto anazaliwa. Nyota hiyo husogea karibu digrii moja kila dakika nne, na baada ya saa mbili hivi huwa imeipisha nyingine. Ukikosea saa sita umeruka nyota tatu nzima. Sayari zenyewe hazijasogea sana, ila nyumba zote zimehama. Kwa hiyo nyumba ya sita uliyosomewa ni ya mtoto mwingine aliyezaliwa Nairobi siku hiyohiyo mchana.

Kosa hili halihitaji mtaalamu kuligundua. Fungua tena ile chati ya kwanza uangalie mstari wa mlalo unaoikata katikati. Mstari huo ndio upeo wa macho: sayari zilizo juu yake zilikuwa angani, zilizo chini zilikuwa zimetua au hazijachomoza. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua letu huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu, likitofautiana kwa dakika chache tu. Mtu aliyezaliwa giza likiwa limeingia lazima Jua lake liwe chini ya mstari. Lako liko juu, limekaa nyumba ya tisa kama mgeni rasmi. Halafu mama anakumbuka stima zilizopotea. Hakuna mama anayekumbuka stima zilizopotea saa nane mchana.

Nimeichora upya: tarehe hiyo, Nairobi, 20:00, saa za eneo +3. Kenya haisogezi saa kwa majira, kwa hiyo programu ikikuuliza habari hiyo, kataa. Inayochomoza sasa ni Mshale, digrii 15, katikati kabisa ya nyota. Hapo una bahati, maana hata kama mama alikadiria tu, ikawa ni saa mbili kasorobo au mbili na nusu, Mshale haubadiliki. Ungekuwa digrii ya 29, mlangoni mwa nyota inayofuata, ningekuomba tutafute kadi ya kliniki kwanza.

Kutoka Mshale, hesabu nyota sita ukianza na Mshale wenyewe, na utafika Ng'ombe. Hiyo ndiyo nyumba yako ya sita, na ina wakazi watatu: Jua digrii 23, Zuhura karibu na 15, na Zebaki digrii ya 4. Zohali yupo palepale alipokuwa, Ndoo digrii 18, lakini Ndoo sasa ni nyumba ya tatu. (Mimi natumia mtindo wa Whole Sign, ambapo nyota moja ni nyumba moja. Programu nyingi huanza na Placidus, ambao kwako huifungua nyumba ya sita kwenye Ng'ombe digrii 16 hivi, na hapo Zuhura na Zebaki wataonekana nyumba ya tano na Jua litabaki peke yake. Usihangaike. Kwa mtindo wowote kati ya hiyo miwili, mlango wa nyumba ya sita uko Ng'ombe, na mwenye Ng'ombe, yaani sayari inayoitawala nyota hiyo, ni Zuhura.)

Sasa nina neno ambalo wasomaji wenzangu wa nyota hawapendi kulisikia. Chati isiyo yako ilikuingia barabara. Ulisomewa nyumba ya mtu mwingine ukasema, naam, huyu ni mimi. Mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio ambamo wanajimu walipewa chati na maelezo ya tabia za watu, wakaambiwa wachague maelezo yapi ni ya chati ipi. Hawakupata zaidi ya ambavyo kubahatisha kungewapa. Mimi bado nasoma chati, kwa sababu hunipa maswali ambayo mtu hajiulizi mwenyewe kuhusu siku yake. Lakini jibu silitafuti kwenye chati. Nalitafuta kwenye mambo uliyoyafanya kweli, na barua yako inayo ya kutosha.

Nyumba ya sita ni ya yale yanayojirudia. Wanajimu wa kale wa Kigiriki waliipa watumwa, watumishi na maradhi, yaani kazi zisizo na sifa na taabu za mwili. Wa siku hizi huisoma zaidi kama kazi ya kila siku, mazoea, na namna mtu anavyobeba majukumu madogomadogo ambayo hakuna anayempigia makofi kwa kuyafanya. Cheo na jina kazini ni mambo ya nyumba ya kumi. Ya sita ni kufungua kompyuta asubuhi, kulinganisha risiti na stoo, kuosha kikombe, kurudi kesho kufanya tena.

Iangalie pia ilipo kwenye mchoro: upande wa kulia, chini kidogo ya mstari. Ndipo Jua linapoingia mara tu baada ya kutua. Watu wengi waliozaliwa Nairobi kati ya saa moja na saa mbili za usiku wana Jua katika sehemu hiyo. Kwangu mimi hilo hufanya nyumba ya sita iwe na harufu ya jioni, na kwako nitalishikilia kwa sababu nitakazofikia.

Katika desturi ya kale, nyota ya sita haionani na nyota inayochomoza. Nyota nyingi hutazamana kwa pembe zinazojulikana, lakini Mshale na Ng'ombe hawana pembe hata moja kati yao. Ni kama wapangaji wa ploti moja ambao milango yao imepeana kisogo: wanalipa kodi kwa landlodi mmoja lakini hakuna anayejua mwenzake ameamka saa ngapi. Kila mtu ana mwachano huo kati ya nyumba ya kwanza na ya sita. Kinachotofautiana ni nyota zinazohusika, na zako zimeachana mbali.

Mshale ndio unaoandika mipango yako ya Januari. Mshale hupenda upeo mpana, hupenda kuanza mambo matano kwa mpigo, na hupata raha yake yote siku ile ya kupanga. Isome tena orodha yako: kuamka alfajiri, mbio, kitabu, bajeti, Excel, yote kabla ya basi la kwanza. Anayetakiwa kuitekeleza ni Ng'ombe, naye si wa mambo hayo. Ng'ombe ni nyota ya ardhi na ni nyota tulivu isiyopenda kuhamahama. Hushika jambo moja, mahali pamoja, saa ileile, na hulishika zaidi kama kuna kitu cha kuguswa kwa mkono na kuonekana kwa macho. Ukimpa matano mapya Jumatatu moja, hagombi. Analala tu.

Ndiyo maana pasi yako ya Jumapili inahesabika kuliko yote uliyoniandikia. Hebu itazame kwa karibu. Ni jioni. Ni mahali pamoja, pengine mezani pale pale au juu ya blanketi kitandani. Kuna joto, kuna kitambaa kinachonyooka chini ya mkono, na mwishowe kuna nguo tano zimetundikwa unaziona. Hukumsikia mtu akikusifu na hukujiandikia lengo, na bado hujaacha. Zuhura mwenye Ng'ombe, akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ndiye huyo: mazoea yanayodumu kwa sababu yana uzuri na yanagusika. Ningekuwa nimepata chati hii bila barua, ningekuuliza, "Kuna kazi gani ya mikono unaifanya kila wiki bila kujilazimisha?" Na kama ungejibu hakuna, ningejua usomaji wangu umepotea njia.

Zohali hajatoweka. Kutoka Ndoo anaitazama Ng'ombe kwa pembe ya mraba, digrii 90, na kwa Zuhura wako pembe hiyo ina upungufu wa digrii tatu tu, kwa hiyo ina nguvu. Tena kwa aliyezaliwa usiku, desturi humhesabu Zohali kuwa mgumu kuliko kwa aliyezaliwa mchana. Lakini sasa anatoka nyumba ya tatu, na nyumba ya tatu ni ya ujumbe, safari fupi, majirani na ndugu. Uchovu wako, kwa hiyo, ningeutafuta kwenye njia na kwenye simu kabla sijaulaumu ukarani wenyewe. Umesema kazi hutumwa WhatsApp saa tatu usiku. Hukusema neno juu ya matatu, lakini anayetoka Umoja kwenda Eneo la Viwanda na kurudi jioni hahitaji mnajimu kumweleza Jogoo Road ilivyo.

Basi tujaribu kitu ambacho kinaweza kushindwa, ili tujue. Mipango yote mitano ya Januari iweke kando, hata Excel. Chagua moja tu unayoihitaji kweli kazini. Mimi ningechagua bajeti, kwa kuwa wewe tayari ni mtu wa hesabu na ndiyo inayogusika kwa haraka. Iondoe kwenye simu kabisa. Nunua daftari la mistari lenye jalada gumu, zuri, rangi unayoipenda. Zuhura usimpe daftari baya. Liweke pale unapopigia pasi. Jumapili jioni, pasi ikipata joto, mimina risiti za wiki kutoka mkobani, za M-Pesa ziandike kwa mkono kutoka kwenye ujumbe, halafu jumlisha matumizi ya nauli, chakula na mengineyo. Ukimaliza nguo ya mwisho, funga daftari. Usiongeze siku ya pili mpaka hiyo moja iwe imezoeleka kiasi cha kukukera ukiikosa.

Pembeni ya ukurasa weka alama mbili kwa wiki. Ya kwanza: je, nilifanya? Ya pili: ikiwa sikufanya, nini kilinikata? Andika kilichokukata kwa jina lake, "foleni", "ujumbe wa bosi", "uvivu", "mgeni". Jipe wiki sita. Kama usomaji wangu una maana, daftari litashika hata wiki ambazo umechoka, na vikwazo vingi vitakuwa vya njiani na vya simu. Kama limekufa wiki ya pili kama Excel, au kikwazo kinachojirudia ni kwamba unaichukia kazi ya namba yenyewe, basi niliyosema kuhusu Ng'ombe yatupe, ubaki na zile alama. Hizo zitakuwa zimekwambia kitu ambacho chati haikukijua.

Jaribu pia upande wa alfajiri, kwa kuulegeza. Kuamka saa kumi na nusu kunaweza kumfaa mtu mwingine. Wewe una wakazi watatu katika nyumba ya baada ya machweo, na zoea lako pekee lililoishi ni la jioni. Ningeiacha asubuhi iwe ya chai na basi tu.

Kujiuzulu hakumo katika chati hii. Wala kubaki hakumo. Nyumba ya sita inaweza kukusaidia kuuliza ni sehemu gani ya siku inakumaliza, lakini mshahara, akiba uliyonayo na kama kuna duka jingine linalotafuta karani ni mambo ya kuuliza duniani. Anza na lile linaloonekana. Bosi wako pengine hutuma ujumbe saa tatu usiku kwa sababu ndipo anapokumbuka, si kwa sababu anataka jibu saa hiyo. Mwulize mchana, ana kwa ana, ukiwa na mfano mmoja mkononi: "Ile orodha ya saruji uliyonitumia Jumanne usiku, ulitaka iwe tayari usiku uleule au nikifika asubuhi?" Watu wengi hugundua hapo kwamba walikuwa wakijibu haraka isiyoombwa. Kama jibu ni "usiku uleule", basi sasa unajua masharti halisi ya kazi yako, na suala la kutafuta nyingine unaweza kulipima kwa kitu kinachoshikika.

Kuhusu mifupa sitasoma chochote. Ni kweli vitabu vya kale viliweka maradhi katika nyumba hii, lakini chati haioni ndani ya mwili wa mtu, na mimi sitoi majibu ya afya kutoka kwenye nyota, hata ya kukutuliza. Kama hakuna kinachokuuma, hofu hiyo imetoka kwenye mdomo wa mtu aliyekuwa akisoma saa isiyo yako. Kama kuna kinachokuuma, au una sababu ya kutaka kupimwa, nenda kliniki uwaeleze unavyojisikia, na Zohali mwache nyumbani.

Pete usilipe. Jiwe la buluu huuzwa kwa ajili ya Zohali, na huyo bwana alikuwa anamfukuza Zohali kutoka nyumba ambayo hayumo. Ukitaka kumpima, mtumie ujumbe mmoja tu: "Nilizaliwa 20:00, si 14:00. Nyumba yangu ya sita sasa ni ipi, na nani yumo?" Msomaji anayeijua kazi yake ataomba radhi na kuanza upya, na jiwe halitatajwa. Akikujibu kwamba pete ni ileile na bei ni ileile, chukua sehemu ndogo ya zile 6,000 ununulie daftari.